Finaliste akishika mikro, mama yake asikie nini?

Beni – Mwezi wa saba ukikaribia, shule za sekondari za Beni, Oicha na Butembo zinaandaa siku ya proklamasyo. Viti vinapangwa uwanjani, wazazi wanakuja na nguo zao za Siku ya Mungu, na mbele ya kutoa buleteni na zawadi, finaliste mmoja anaitwa kuzungumza kwa jina la wenzake. Anapewa dakika chache za kushukuru walimu na wazazi. Hizo dakika ndizo peke yake katika miaka yote ya shule ambazo mtoto anasimama mbele ya watu wote na kusema nani alimfikisha pale.

Mara nyingi dakika hizo zinapotea. Finaliste anafungua karatasi iliyoandikwa Kifaransa kikubwa, nusu yake ikiwa imenakiliwa kwenye hotuba ya mwaka uliopita. Anasalimia viongozi mmoja mmoja mpaka watu wanaanza kuongea pembeni. Kisha anasema kwamba wazazi walijitoa bila kuchoka na walimu walikuwa taa yao. Anapiga magoti kidogo, watu wanapiga makofi, na inaisha. Mama aliyekuja kwa mguu kutoka pembeni ya mji anapiga makofi pia, kwa kuwa wengine wanapiga. Hakusikia jambo hata moja alilolifanya yeye.

Kwa familia ambazo zilikimbia vita, hasara hiyo ni kubwa zaidi. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini ya sekondari inaendelea kulipwa na wazazi. Mama aliyeacha shamba la kakao nyuma na kufika mjini na watoto na kitenge kimoja, akiweza kufikisha mtoto kwenye egzamen ya Leta, hakufika peke yake. Kuna watu walimpokea, wengine walimkopesha, wengine walifunga macho juu ya deni. Hotuba ya finaliste ndiyo nafasi ya kuwalipa watu hao kwa kitu ambacho mtoto anacho: maneno ya kweli. Kwa hiyo hotuba hiyo inapaswa kuandikwa kama mtu anavyoandika madeni yake kwenye daftari: nani, alifanya nini, lini. Mengine yote yanakuja kisha.

Tuchukue mfano wa msichana mmoja, finaliste wa pedagojia katika shule moja ya Beni. Familia yake ilikimbia kijiji miaka mitatu iliyopita. Baba yake hayupo tena. Mama anafanya kibarua cha kupalilia katika mashamba ya watu. Wanakaa kwa mama mmoja aliyewapokea, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba, kama vile familia nyingi za wakimbizi wa ndani katika eneo hili zinavyokaa kwa wenyeji. Walimu wamemchagua aseme kwa jina la wenzake 31. Ana siku kumi za kujiandaa.

Kosa la kwanza ambalo wengi wanalifanya ni kuanza na sentensi ya kwanza. Wanakaa mbele ya karatasi nyeupe, wanatafuta neno zuri la kufungua, na neno zuri linakuja kutoka hotuba ya mtu mwingine. Njia iliyo bora ni kuchukua daftari, kupiga mstari katikati ya ukurasa, na kuandika upande wa kushoto majina ya watu, upande wa kulia kitendo kimoja cha kila mtu. Kitendo maana yake ni kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukiona kwa macho. “Alinipenda” si kitendo. “Alinipa taa yake wakati wa mitihani” ni kitendo.

Msichana wetu akiandika, upande wa kushoto unajaa haraka: mama, baba, kaka, mama mwenye nyumba, mwalimu wa Kifaransa, mwalimu aliyewaongoza katika staji, prefe. Upande wa kulia unachelewa. Kwa mama anaandika kwanza “aliteseka juu yangu”. Hiyo inafaa kila mama wa Beni. Akifikiri tena, anakumbuka kwamba kila siku ya posho, mama alikuwa anatoa sehemu ya makuta ya kibarua, anaifunga kwenye kona ya kitenge, na siku ya kwanza akienda shambani anapita shuleni kumpa mwenye kupokea minervali, kidogo kidogo, mpaka risiti zikajaa bahasha. Hapo kuna hotuba. Mama akisikia neno “risiti”, atajua kwamba mtoto aliona.

Kwa mwalimu wa Kifaransa anakumbuka kwamba yeye na wenzake wawili waliingia darasani mwezi wa kwanza, masomo yakiwa yameenda mbali, na mwalimu alibaki nao kisha ya saa za masomo, siku mbili kwa juma, mpaka wakafikia wengine. Kwa mwalimu wa staji, finaliste wote wa pedagojia wana kumbukumbu moja: kusimama kwa mara ya kwanza mbele ya watoto wa shule ya msingi na kufundisha, mwalimu akiwa nyuma ya darasa na fishe ya maandalio mkononi. Yule msichana alisahau somo katikati. Mwalimu hakumkatiza mbele ya watoto. Alingoja nje, akamwonyesha kwenye fishe ni wapi alipotea, na kesho yake akarudi kumsikiliza tena.

Wakati wa kuchagua unafika hapa. Daftari linaweza kuwa na watu kumi na tano. Hotuba haiwezi kuwabeba wote. Mtu anayesoma polepole mbele ya watu wengi, kwa mikro, anasoma karibu maneno mia moja kwa dakika. Dakika tano ni kama maneno mia tano, na sehemu ya hayo inaliwa na salamu. Watu watano au sita, kila mmoja na kitendo chake, wanatosha. Wengine wanawekwa kwa makundi: kaka na dada, majirani, watu wa kanisa. Na wale waliobaki kwenye daftari wanashukuriwa nyumbani, kwa mdomo, kesho yake. Hakuna anayekatazwa kufanya hivyo, na wengi watafurahi zaidi.

Jambo la pili ni lugha, na hapo ndipo ubishi unaanza. Walimu wengi wanaona kwamba hotuba ya finaliste lazima iwe ya Kifaransa. Wana sababu. Kifaransa ndiyo lugha ya masomo na ya egzamen, wageni wa heshima wako pale, na shule inataka kuonyesha kazi yake. Mtoto anayeongea Kifaransa vizuri ni matangazo ya shule kwa wazazi wa mwaka ujao. Lakini shukrani inapelekwa kwa mtu. Kama anayeshukuriwa haisikii, imeenda kwa wageni. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Kusema Kiswahili mbele ya viongozi si utovu wa adabu wala si ujinga wa Kifaransa.

Njia ya kati inawezekana bila kumkosea mtu. Salamu na sentensi mbili au tatu za kushukuru shule zinasemwa Kifaransa, kwa kuwa walimu ndio walioifundisha lugha hiyo na watafurahi kuisikia ikiwa safi. Kisha finaliste anasema wazi kwamba sasa anaongea na wazazi, na anaingia katika Kiswahili mpaka mwisho. Kama mama yake anasikia Kinande zaidi, neno moja la Kinande linatosha. “Wasingya” iliyosemwa mara moja, kwa kumtazama, inafanya kazi kuliko ukurasa mzima. Kitu kibaya ni kurudiarudia kila sentensi kwa lugha mbili. Hotuba inakuwa ndefu mara mbili na kila upande unachoka nusu ya wakati.

Jambo la tatu ni protokole. Tangu mwezi wa tano mwaka 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri zimewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kwenye sherehe mjini orodha ya wakubwa inaweza kuwa ndefu: wa utawala, wa jeshi, wa polisi, wa elimu, wa kanisa, wa shirika za raia. Finaliste anaogopa kumsahau mmoja, kwa hiyo anawataja wote, na anakosea cheo cha mmoja. Mwenye kuongoza sherehe alikwisha kuwataja wote tangu asubuhi. Mtoto hana kazi ya kurudia. Anataja mkubwa mmoja wa shule, walimu, wazazi na wageni, kisha anasema kwamba protokole yote imeheshimiwa. Hakuna kiongozi aliyeshukuru kwa kutajwa mara ya nne chini ya jua.

Jambo la nne ni zito, na shule haziliongelei vya kutosha. Leo kila proklamasyo inachukuliwa kwa simu. Mbele ya mtoto kushuka kwenye jukwaa, sauti yake iko tayari katika vikundi vya WhatsApp, na inaweza kufika fasi ambayo yeye haijui. Katika eneo ambalo watu wanauawa mashambani na barabarani, shukrani inaweza kusema mambo ya kupita. Finaliste akisema kwamba mjomba wake bado anarudi shambani kijiji fulani kuvuna kakao ili amlipie shule, ametaja mtu, fasi na makuta katika sentensi moja. Anaweza kusema tu kwamba mjomba alilipa kwa mavuno yake. Shukrani ni ileile, na mjomba hajawekwa mbele ya macho ya mtu mbaya.

Vilevile na familia iliyompokea. Kuna wenyeji wanaopenda kutajwa jina, na wengine hawapendi kabisa. Wengine wana nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hajui ni watu wangapi wanalala ndani. Inatosha kuwauliza siku mbili tatu mbele ya sherehe: “Mama, nitakushukuru shuleni. Nikutaje jina ao niseme tu mama aliyetupokea?” Jibu lake ndilo sheria.

Na kuna prefe. Shule nyingine zinamwacha mtoto wa mkimbizi aendelee kukaa darasani wakati minervali haijaisha, huku watoto wengine wanarudishwa nyumbani. Finaliste kwa moyo mzuri anataka kulisema jambo hilo mbele ya watu wote. Lakini pale uwanjani kuna wazazi ambao watoto wao walirudishwa, na pengine kuna mwenye shule ambaye hakuambiwa. Shukrani hiyo inaweza kumletea prefe maulizo juma zima. Ni heri kwenda kumwona ofisini na kumshukuru pale. Kwenye mikro, anashukuriwa kwa kitu kingine cha kweli. Prefe wa mfano wetu aliandika barua kwa shule ya zamani ya yule msichana na kufuatilia miezi, mpaka karatasi zake zikapatikana, kwa kuwa alifika bila buleteni hata moja. Hilo linaweza kusikiwa na kila mtu.

Wengi watauliza juu ya manunguniko. Viongozi wako pale, mikro iko mkononi, na shule haina madawati, walimu wanaishi kwa makuta ya wazazi, barabara haipitiki. Mbona finaliste asiyaseme? Kwa kweli katika hotuba nyingi hapa nchini, shukrani ni njia ya kufikia maombi, na watu wamezoea. Lakini mtoto anayeshukuru kisha akataja madai saba ameifuta shukrani yake mwenyewe. Watu wataondoka wakiongea juu ya madawati, na hata madawati hayatakuja. Maombi yenye nguvu yanaandikwa na kamati ya wazazi, yanatiwa sahihi na kupelekwa ofisini. Kama finaliste anasikia lazima kuomba kitu, aombe kimoja tu, kwa watu ambao wanaweza kukifanya wenyewe. Katika mfano wetu anaweza kuwaomba finaliste wenzake waache vitabu na daftari zao shuleni kwa wale wanaofika katikati ya mwaka. Hilo linaweza kuanza saa ileile.

Baada ya hayo yote, hotuba yenyewe si kazi ngumu. Ya msichana wetu, kisha ya mistari ya kwanza ya Kifaransa, inaweza kuwa hivi:

“Bwana Prefe, walimu wetu, wazazi wetu, wageni wote, protokole yote imeheshimiwa. Ninaongea kwa jina la finaliste 31 wa pedagojia. Sasa ninaongea na wazazi, na ninapenda mama yangu asikie kila neno.

Walimu wetu, wengi kati yetu hatukuanza hapa. Wengine tuliingia mwezi wa kwanza, masomo yakiwa mbali. Mwalimu wetu wa Kifaransa alibaki nasi kisha ya saa zake, siku mbili kwa juma. Hakutuuliza kitu. Mwalimu wa staji, siku niliyosahau somo mbele ya watoto, ulingoja tutoke nje mbele ya kunikosoa. Nikiwa mwalimu, nitafanya vile. Bwana Prefe, nilifika kwako bila buleteni. Uliandika, ukangoja, ukaandika tena, mpaka karatasi zangu zikaonekana. Aksanti.

Kaka zetu na dada zetu, kuna nyinyi mlioacha shule ili sisi tuendelee. Kaka yangu ni motari leo. Diploma hii ikitoka, nitaiweka mikononi mwake kwanza.

Mama uliyetupokea, tulikuja usiku, watu watano. Ulitoa chumba ambacho watoto wako walikuwa wanalala. Wakati wa mitihani ulinipa taa yako, na wewe ukapika gizani. Wote wanaokaa na wageni wa vita katika mji huu, watoto wa wageni hao wamesimama hapa leo. Aksanti.

Baba yangu hayupo. Yeye ndiye alinifundisha kuhesabu, kwa mizani ya kakao. Wenzangu wengine pia wamekuja leo bila mzazi mmoja. Tunawakumbuka.

Mama, ninazo risiti zote. Ziko kwenye bahasha. Kila moja ni siku za kupalilia shamba la mtu mwingine. Nilikuwa ninakuona ukifunga makuta kwenye kona ya kitenge. Nilikuwa ninajua kwamba siku nyingine ulirudi bila kula. Wasingya, mama. Leo kazi yako imefika.

Wenzangu, ninawaomba kitu kimoja. Mbele ya kuondoka leo, tuache vitabu na daftari zetu hapa, kwa yule atakayefika mwezi wa kwanza kama sisi tulivyofika. Aksanti kwa wote.”

Hotuba hii haifiki dakika nne. Haina methali, haina neno kubwa, na haitaji kijiji. Mtu anaweza kuhesabu vitendo vilivyomo: kubaki na wanafunzi, kungoja nje, kuandika barua, kuacha shule, kutoa chumba, kutoa taa, kulipa kidogo kidogo. Hata mzazi ambaye mtoto wake si msemaji anajikuta ndani, kwa kuwa naye alifunga makuta fasi fulani. Ndiyo maana mtu anayesema kwa jina la wengine hana sababu ya kuogopa mambo ya nyumbani kwake. Kila familia ikisikia jambo moja la kweli, inakumbuka la kwake. Sharti ni moja tu: aseme “sisi” pale ambapo jambo ni la wote, kama vile kuingia mwezi wa kwanza ao kumkosa mzazi, na “mimi” pale ambapo jambo ni lake peke yake. Akichanganya, akasema kwamba wote 31 walilala chumba kimoja cha wakimbizi, wenyeji watajiona wamesahauliwa katika sherehe ya watoto wao.

Kunabaki sauti. Hotuba iliyosomwa kimya kimya chumbani inadanganya. Inapaswa kusomwa kwa nguvu, kwa kusimama, mara nne ao tano, na simu ikipima dakika. Mahali ambapo ulimi unajikwaa kila mara, neno libadilishwe; ulimi uko sawa, neno ndilo baya. Karatasi iandikwe kwa herufi kubwa, mistari ikiachana, na kila ukurasa upewe namba, kwa kuwa upepo wa uwanjani hauhurumii mtu. Mtu mmoja asiyejua kitu asikilize mbele ya siku yenyewe. Akiuliza “huyu ni nani?”, kuna sentensi inayokosekana.

Machozi pia yanajiandaliwa. Finaliste aliyempoteza mzazi atajua mapema, kwa kusoma kwa nguvu, ni wapi sauti inakatika. Sentensi hiyo iwe fupi, kama “Baba yangu hayupo”, na kisha yake kuwe na sentensi nyepesi ya kumsaidia kusimama. Isiwekwe mwisho kabisa, kwa sababu akikwama pale hotuba itakufa bila kufungwa, na mama atabaki bila kusikia sehemu yake. Akikwama, anyamaze, apumue, aendelee. Watu wa hapa wanajua kungoja. Na kama anaona kabisa kwamba hataweza, mwenzake awe na nakala ya pili mfukoni, asimame karibu naye na amalizie.

Prefe wengi wanaomba kusoma hotuba mbele ya sherehe, na hilo ni haki yao. Mara nyingi wanaongeza: mfadhili huyu, kiongozi yule, mwenye shule. Finaliste hawezi kugombana na mkubwa wake siku tatu mbele ya buleteni. Lakini anaweza kuomba kwa heshima kwamba majina hayo yasemwe na mwongoza sherehe, ao yawekwe katika sentensi moja ya kwanza. Na prefe anayependa shule yake angefanya vizuri kukubali. Mfadhili atasahau kwamba alitajwa na mtoto fulani. Mama wa kitenge hatasahau, wala mama wa taa. Mwaka ujao, familia nyingine ikigonga mlango usiku na watoto watano, yule mama atakuwa amekwisha kusikia mbele ya watu wote kwamba chumba chake kilitoa mwalimu.